Mrejesho: Barua ya uamuzi wa malalamiko yangu kazini imetoka

Niliuliza: "Nimelalamika rasmi kwamba msimamizi hakupeleka saa zangu za ziada zilipwe, na kwamba alinibadilishia zamu ili kunikomoa. Wakikubali dai moja tu, nifanyeje?"

Ndivyo ilivyokuwa. Dai la saa za ziada limekubaliwa: daftari la mahudhurio lina saini ya msimamizi kwenye siku nilizochelewa kutoka, lakini saa hizo hazimo kwenye orodha ya malipo. Nitalipwa pamoja na mshahara ujao.

Dai la kukomolewa limekataliwa. Wanasema ratiba ilibadilika kwa kitengo kizima. Iliniuma, ila nilipoisoma tena niliona wameandika "hakuna ushahidi wa kutosha", na hiyo si sawa na kusema nimedanganya. Nikaona pia pengo: nilimtaja mwenzangu aliyemsikia msimamizi akisema atanifunza adabu kwa zamu za usiku. Barua inaorodhesha waliohojiwa, naye hayumo, wala hakuna sababu iliyotolewa.

Rufaa yangu inasimama hapo. Barua inataka iandikwe ndani ya siku 10 za kazi tangu kuipokea, ieleze sababu, na iende kwa meneja ambaye hakushiriki uchunguzi. Sirudii kisa kizima. Naandika kwamba uamuzi wa saa za ziada naukubali, napinga wa pili tu kwa kuwa shahidi hakuhojiwa, na naomba ahojiwe kabla ya uamuzi mpya. Yeye mwenyewe ameridhia.