Ualimu nje: nianze na ulinganisho wa shahada au niende AITSL moja kwa moja?

ChakiNyeupe
Habari wakuu. Nina shahada ya sayansi (hisabati) ya miaka mitatu, na stashahada ya uzamili ya elimu ya mwaka mmoja. Nimefundisha sekondari muda mrefu. Nataka sifa zangu zitambuliwe Australia. Naona njia mbili: kwanza nilipie taasisi inayolinganisha shahada za nje, au nipeleke maombi AITSL, taasisi ya Australia inayopima sifa za walimu, bila kupitia popote. Ipi bora? Mazoezi ya kufundisha yalikuwa wiki nane.

Nahodha
Anza na ulinganisho. Ukishapata karatasi inayosema shahada yako ni sawa na ya kwao, nani atakubishia? Na kwa uzoefu wako huo, mazoezi hayatakuwa hoja, maana kazi inafidia.

KalamuNyekundu
Nahodha, hapo umechanganya mambo mawili. Ulinganisho husema kiwango cha shahada tu. Hausemi kama mwenye nayo aliandaliwa kuwa mwalimu. AITSL husoma vyeti na transkripti zako wenyewe, kwa hiyo kwa lengo la mwenzetu karatasi hiyo ni kupoteza pesa bure. Itamfaa akiomba kazi nyingine au masomo.

Mwalimu Chaki, miaka yako mitatu na mmoja inatimiza minne wanayotaka. Tatizo liko kwenye hizo wiki nane. Wanataka siku zisizopungua 45 za mazoezi yaliyosimamiwa, ndani ya masomo ya ualimu. Wiki nane kwa siku tano ni siku 40, na ukitoa sikukuu zinapungua zaidi. Kufundisha kwa ajira baada ya kuhitimu hakuzibi pengo hilo, hata kama ni miaka mingi.

Nahodha
Mbona kuna rafiki yangu aliulizwa uzoefu wa kazi?

KalamuNyekundu
Huenda aliomba Uingereza. Kule, kwa QTS, yaani hadhi ya mwalimu aliyeidhinishwa, kwa walimu wa nchi zilizo kwenye orodha yao, uzoefu baada ya kuhitimu ni sharti, na pia barua kutoka mamlaka inayosajili walimu ulikosomea, ikithibitisha kwamba unaruhusiwa kufundisha na huna adhabu. Mlango tofauti, ufunguo tofauti.

Bi_Hesabu
Jamani mimi jina la cheti na la pasipoti havifanani tangu niolewe. Je, nikalinganishe shahada ili jina libadilike?

KalamuNyekundu
Hapana dada, ulinganisho haugusi jina. Ambatisha cheti cha ndoa au hati ya kiapo inayounganisha majina yote mawili. Vyeti vya chuo viache kama vilivyo.

ChakiNyeupe
Transkripti yangu inaonyesha "Mazoezi ya Kufundisha: B+" basi. Hakuna siku. Ila nakumbuka kabla ya zile wiki nane tulipelekwa shule kwa wiki mbili, tukakaa darasani na mwalimu mwenyeji na kufundisha vipindi vichache.

KalamuNyekundu
Hizo wiki mbili zifuatilie. Ukiongeza siku kumi unafika 50 kabla ya kutoa sikukuu. Lakini si wewe wa kusema, ni chuo. Omba barua yenye nembo, iliyosainiwa na msajili au mkuu wa kitivo, itaje tarehe za kuanza na kumaliza kila awamu, idadi ya siku hasa, ngazi ya shule na masomo uliyofundisha, na kwamba ulisimamiwa na kupimwa. Iandikwe kwa kutazama kumbukumbu zao. Barua inayosema tu "alifanya mazoezi kwa mafanikio" huzaa maswali na kurudishwa.

Mwandani
Kutoka kwa mtu anayekaa kwenye ofisi ya chuo: usije na ombi la jumla. Njoo na namba yako ya usajili, mwaka, jina la shule uliyopangiwa, na aya moja inayoeleza barua itaje nini. Kumbukumbu za zamani ziko kwenye majalada, si kwenye kompyuta. Na hatuandiki siku tusizoziona kwenye jalada, hata ukilia.

Nahodha
Na Kiingereza je? Sisi tulisomea kwa Kiingereza.

KalamuNyekundu
Hilo halimwondolei mtihani. Wanaosamehewa ni waliosomea kwenye nchi chache walizozitaja. Kwa IELTS Academic ni 7 kusoma na kuandika, 8 kusikiliza na kuzungumza. Nane ya kusikiliza ndiyo inawakwamisha wengi. Matokeo yana ukomo wa muda, kwa hiyo barua ya chuo itangulie, mtihani ufuate.

ChakiNyeupe
Sawa. Na kama jalada la zile wiki mbili halina sahihi ya msimamizi?

Mwandani
Tunatafuta fomu ya mwalimu mwenyeji, wakati mwingine nakala iko shuleni. Ikikosekana kabisa, kwetu sijaona msajili akisaini. Vyuo vingine sijui.

KalamuNyekundu
Kabla ya kulipia chochote, waandikie AITSL uwaulize kama awamu ya kukaa darasani na mwalimu mwenyeji wataihesabu. Hapo sina uhakika.