Waigizaji wa sinema bubu: walizidisha, au macho yetu ndiyo yanazidisha?

Mgeni wa Sinema: Wakuu, nimeanza kuangalia filamu bubu za zamani. Mbona wanatoa macho na kurusha mikono kama wamepagawa? Rafiki yangu anadai ni kwa sababu hapakuwa na sauti, basi. Mimi naona hawakujua kuigiza tu. Na ile piano isiyonyamaza ilikuwa ya nini?

Fan wa Bongo Muvi: Tatizo hilo lipo hadi leo! Muziki unafunika maneno, mtu analia dakika tano. Wahariri wetu wajirekebishe.

Mtunza Kanda: Ndugu, hiyo ni mada nyingine.

Mgeni, kabla ya kuwahukumu waigizaji, kagua mwendo wa kopi uliyoangalia. Filamu nyingi za enzi hizo zilipigwa kwa kamera ya kuzungusha kwa mkono, mara nyingi fremu 16 hadi 20 kwa sekunde. Sauti ilipokuja, mwendo ukawekwa fremu 24. Sasa chukua mwigizaji aliyeinua mkono taratibu kwa sekunde 3, akapigwa kwa fremu 16. Hizo ni fremu 48. Ukizionyesha kwa 24, mkono unapanda kwa sekunde 2. Huzuni yake imegeuka kichekesho, na yeye hana kosa. Njia rahisi ya kugundua ni kuwaacha waigizaji kidogo uangalie wapita njia na farasi kule nyuma. Kama nao wanakwenda mbiombio, mwendo wa kopi hiyo si sahihi.

Mwanafunzi wa Filamu: Mwendo ni sehemu tu. Ukanda wa filamu wa wakati ule haukuona rangi nyekundu, ikatoka karibu nyeusi, na macho ya bluu yakapauka kama ya kipofu. Ndiyo maana walipakwa poda nyeupe na kuzungushiwa wanja mzito. Uso uliopakwa hivyo, hata mtu akitulia, unaonekana kama unapiga kelele.

Halafu kuna umbali. Kwenye filamu za mwanzoni kabisa kamera ilisimama mbali, mtu akaonekana kutoka kichwani hadi miguuni. Kukunja uso kidogo nani angekuona? Wengi walitoka jukwaani, ambako kila ishara ya mkono ilikuwa na maana inayojulikana. Angalia filamu fupi za mwongozaji Griffith pale kampuni ya Biograph, kati ya 1908 na 1913. Kamera inavyosogea karibu, mikono nayo inashuka.

Mgeni wa Sinema: Kwa hiyo rafiki yangu amekosea? Sauti haihusiki?

Mwanafunzi wa Filamu: Amepatia nusu, maana wapo waliotulia bila sauti. Asta Nielsen wa Denmark aliigiza kwa utulivu tangu 1910. Falconetti, katika filamu ya Dreyer ya 1928 kuhusu Jeanne d'Arc, karibu hatikisi kitu. Hana vipodozi, na ukanda wake ulikuwa wa aina mpya, unaoona rangi zote. Na filamu hiyo bado ilikuwa bubu. Na filamu ya Kijerumani kuhusu Daktari Caligari, ya 1920, ilizidisha kwa makusudi hadi kuta zikachorwa zimepinda.

Mzee wa Majengo: Piano ilikuwa ya kuficha kelele za mashine ya kuonyeshea filamu. Hilo linajulikana.

Mpiga Kinanda: Mzee wangu, shikamoo. Kelele zilikuwepo, sikatai, ila haielezi yote. Mashine zilihamishiwa chumba cha peke yake, maana ukanda ule ulishika moto kwa urahisi. Kelele zikapungua, muziki ukaongezeka hadi okestra nzima. Mwaka 1909 kampuni ya Edison ilikuwa tayari inachapisha mapendekezo ya muziki wa kupiga kwenye filamu zake.

Nimewahi kusindikiza filamu ya namna hiyo kwenye klabu yetu. Ukinyamaza, watu wanaanza kukohoa na kucheka mahali pa kulia. Ukiwahi kupiga huzuni kabla ya barua kufunguliwa, umewaambia mwisho. Sehemu nyingine mwigizaji alipiga ishara kubwa, nikapunguza sauti badala ya kuongeza, na ishara ikakubalika. Mimi naona vilitegemeana. Hata wakati wa kupiga picha, baadhi ya waongozaji waliweka wanamuziki pembeni ya kamera ili mwigizaji apate machozi.

Mzee wa Majengo: Marahaba. Basi na hawa wanaotafsiri filamu kwa sauti kwenye vibanda umiza, si ndiyo hao hao?

Mpiga Kinanda: Wanakaribia zaidi wale benshi wa Japani. Walisimama kando ya skrini wakisimulia na kuwasemea wahusika, na watu walilipa kiingilio kwa jina la msimuliaji.

Mwanafunzi wa Filamu: Mtunza Kanda, kopi zote basi zirudishwe fremu 16?

Mtunza Kanda: Hapana. Waendesha mashine wengine waliharakisha filamu ili wapate onyesho la ziada, na wapiga picha wengine walizungusha polepole kusudi, hasa kwenye vichekesho. Mimi hupima kwa mwendo wa watu.

Mwanafunzi wa Filamu: Kwa vichekesho hapo hatukubaliani. Kama haraka ilikusudiwa, kipimo chako kinaiharibu.

Mtunza Kanda: Leta filamu moja tuibishanie.