Kikundi cha Majirani, Moshi: barua kwa Mtendaji wa Kata

Katibu: Shikamooni wazee, na wengine habari za jioni. Rasimu ya barua ni hii, naomba muipitie kabla sijaipeleka kesho.

*YAH: OMBI LA KUKUTANA NAWE KWENYE BARABARA ILIYOHARIBIKA*
*Ndugu Mtendaji wa Kata, kalavati lililo chini ya shule limeziba, hivyo maji ya mvua yanapita juu yake na kula ukingo wa barabara. Tarehe 27 Aprili 2025 sehemu iliyobaki ya kupita ilikuwa na upana wa mita 4, na tarehe 11 Mei ilikuwa mita 3, kama picha zinavyoonyesha. Tunaomba ufike hapo Jumanne tarehe 20 au Alhamisi tarehe 22 Mei, saa 3 asubuhi, pamoja na mhandisi wa TARURA wa wilaya.*

Baba Joshua: Katibu, kwa nini usiombe moja kwa moja walete greda? Mtendaji ana fungu la barabara.

Mzee Mstaafu: Marahaba. Baba Joshua, ni kweli kwamba barabara za mtaa si za TANROADS, lakini greda na fedha ya matengenezo viko TARURA, si ofisi ya kata. Mtendaji anaweza kuja, kuona, na kuandika kwa mhandisi, kwa hiyo tumwombe hilo analoliweza. Tena greda ikisawazisha huku kalavati limeziba, mvua inayofuata itaondoka na kifusi chote. Ongeza kwamba barua inapitia kwa Mtendaji wa Mtaa na nakala iende kwa Diwani, kisha ubaki na nakala yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, maana bila muhuri huo wataweza kusema hawakuiona.

Mama Dukani: Na mita yangu ya maji inayovuja? Nilishaandika tangu mwezi wa pili.

Katibu: Pole, dada. Hiyo ina ofisi yake, tukiichanganya humu atajibu ya mita na kuiacha barabara.

Fundi: Picha ya pili nimeipiga nikiwa nimesimama penye nguzo ileile ya umeme, na futi imelala kwenye ukingo ili vipimo visomeke. Nitakutumia kama faili, kwa sababu WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida hufuta tarehe iliyohifadhiwa ndani yake.

Baba Joshua: Basi tuchange lori moja la moramu wakati tunasubiri.

Mzee Mstaafu: Mimi sikubali, kwa kuwa tukifukia kabla ya mhandisi kufika hataona maji yanapopitia. Kuzibua mdomo wa kalavati kwa majembe sina ubishi nako.

Baba Joshua: Na bajaji ikitumbukia kabla ya tarehe 20, mzee?

Katibu: Tuweke mawe yaliyopakwa chokaa ukingoni kesho jioni. La moramu bado tunalijadili. Barua naipeleka asubuhi.