Mudaraba: mvua imeharibu dagaa, hasara ya nani?

Bi wa Mjini: Asalaam alaykum jamani. Nilimpa mtoto wa dada yangu milioni 10 afanye biashara ya dagaa kwa mudaraba, faida mimi 60 yeye 40. Kwenye karatasi tuliandika anunue dagaa waliokwisha kukauka awauzie Wakongo. Raundi ya kwanza ikapatikana faida 2,400,000 tukagawana, ile kumi ikabaki kwake akaendelea. Ya pili kanunua wabichi, kachemsha na kuanika mwenyewe, mvua ikamkuta, sasa hivi mkononi ana milioni 7. Anasema hasara yangu mimi, ndio sheria ya mudaraba. Kweli? Na hiyo ni haki?

Mpemba wa Ilala: Waalaykum salaam bibie. Kijana kasema kweli, hasara ni ya mwenye mali, yeye kapoteza jasho lake na miezi yake bure. Ungekuwa hutaki hasara ungempa mkopo akurudishie kumi yako na basi, ila usingeiona hiyo milioni na laki nne ulokula mwanzo. Msamehe tu.

Hesabu Tupu: Mimi hapo ndo huwa sielewi. Faida tunagawana halafu hasara ya mmoja? Mimi na rafiki yangu tulifungua duka la simu Kariakoo, kila mtu katoa milioni 5, tulipopigwa tulikula hasara nusu kwa nusu hakuna aliyenuna. Hiyo ndo haki. Na kama dini inataka hivyo basi amwandikishe kabisa kijana kwamba mtaji utarudi wote, yakaisha.

Baraza la Jioni: Hesabu, nyie wote wawili mliweka pesa, huo ni ushirika wa mitaji, hasara inafuata mtaji wa kila mtu, na nyie mlilingana ndo maana ikawa nusu. Kijana wa Bi hakuweka hata shilingi. Na hilo la kumwandikisha ndo baya zaidi, ukimdhaminisha mtaji umeshaugeuza kuwa deni, na deni ukilila faida ni riba. Kuna kisa maarufu cha watoto wa Sayyidna Umar, walipita Iraq, Abu Musa gavana wa Basra akawapa pesa za hazina wazipeleke Madina, wakanunulia bidhaa huko huko Iraq, wakaziuza Madina wakapata faida. Umar akataka zote, mtaji na faida. Ubaidullah akamjibu, kama zingepotea si tungelipa sisi? Yaani aliyebeba dhamana ndiye alodai faida. Mwisho ikafanywa kiradhi, ndo mudaraba hii hii kwa jina jengine, Umar akachukua mtaji na nusu ya faida. Kwa hiyo vitu hivi viwili huwezi kuvitenganisha, dhamana huku na faida kule.

Lakini Mpemba nawe umemaliza haraka. Hasara ni ya mwenye mali pale ambapo mfanyaji hakuvuka mipaka. Hapa kuna karatasi, inasema dagaa wakavu. Masharti ya namna hiyo mwenye mali anaruhusiwa kuyaweka, na mtu akiyavunja pesa inakuwa kwenye shingo yake, hata kama mvua imeteremka kwa Mungu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mvua uliza dagaa wabichi alinunua kwa ruhusa ya nani.

Mama Zuhura: Hivi ndo mana akaunti yangu ya mudaraba benki mwezi mmoja inaleta kidogo mwezi mwengine kikubwa? Nilidhani wananiibia.

Baraza la Jioni: Mama hiyo ni mudaraba kweli ila wewe ndo mwenye mali na benki ndo kijana 😀 faida ikipungua na wewe inapungua. Ila mada ya Bi ni nyengine.

Hesabu Tupu: Na mbona wewe ukienda benki kuomba mtaji wa dagaa hawakupi mudaraba, wanakununulia mali wakuuzie kwa bei ya juu ulipe kidogo kidogo? Kwa sababu wanajua hatari yake. Hawana njia ya kujua ulinunua kwa ngapi ukauza kwa ngapi, Mkongo analipa keshi pwani hakuna risiti. Kijana akisema hasara, ni hasara. Bi ameona hizo dagaa?

Mtu wa Bumbwini: Niseme kidogo maana kazi hii naifanya. Dagaa walopigwa mvua huwezi kuwaficha, wale wazuri wana rangi ya fedha na ukimkunja anavunjika, walorowa wanageuka wekundu wekundu, wanalegea, harufu inabadilika, Mkongo hagusi, anakuja mtu wa chakula cha kuku anawachukua kwa bei ya kutupa. Kama Bi anataka kujua ukweli amuulize kijana kamuuzia nani, watu wa chakula cha kuku tunajuana. Na la pili, kununua wabichi si uhuni. Kuna siku wakavu hawapatikani au wameshachukuliwa wote, na wabichi kwa ndoo faida ni kubwa, wote tunafanya. Alichokosea ni msimu. Masika huaniki mzigo wote kwa mara moja, unaweka nusu.

Mpemba wa Ilala: Sasa huyo ndo kasema. Desturi ya soko.

Baraza la Jioni: Desturi inafanya kazi pale karatasi iliponyamaza. Na sisi huku wengi tunafuata madhehebu ya Shafi, na kwa Shafi kuna jambo zito zaidi, mtaji wa kiradhi ni wa kununua na kuuza. Ukimpa mtu pesa anunue ngano asage aoke auze mkate, wanasema hiyo kiradhi haikuswihi. Kuchemsha na kuanika dagaa mimi naona kunafanana, ingawa madhehebu nyengine wanaruhusu. Ndo maana nadhani Bi aliandika wakavu, au alomwandikia alijua.

Halafu hesabu yenyewe, tuseme kijana hana kosa lolote. Bado hasara si milioni 3 ya Bi. Faida haiitwi faida mpaka mtaji ukamilike. Ile 2,400,000 ya mwanzo inarudi kwanza kuziba shimo, shimo la 3,000,000 linabaki 600,000. Kwa hiyo kijana anarudisha 960,000 yake, inaungana na 7,000,000, na 1,440,000 Bi anayo tayari, jumla 9,400,000. Bi kapoteza laki sita, kijana katoka bila kitu. Hapo ndo haki ya mudaraba inapoonekana, hakuna alocheka.

Hesabu Tupu: Hii sikuijua. Ila tayari waligawana na kumi ilikuwepo kamili, raundi ilifungwa. Ingekuwa mimi nisingerudisha.

Baraza la Jioni: Swali zuri na wanachuoni wamelikhitilafiana. Wapo wanaosema kuhesabu tu na kuonana kunatosha, kama vile mtaji umerudi mkononi. Kwa Shafi haitoshi, lazima mkataba uvunjwe kisha uanze mwengine. Bi, ulimwambiaje siku ile?

Bi wa Mjini: Alinionyesha salio kwenye simu, milioni 10 kamili, nikamwambia endelea mwanangu. Hatukuvunja chochote. Na niseme ukweli jamani, raundi ya pili alinitumia picha ya sufuria linachemka pale pwani, mimi nikamjibu inshaallah.

Mpemba wa Ilala: 😂😂 Bibie! Basi ulikubali.

Baraza la Jioni: Picha ilikuja kabla hajanunua au dagaa wameshaingia chunguni? Kama ni kabla na ulielewa, sharti la karatasi umelilegeza mwenyewe, inabaki ile hesabu ya laki sita. Kama ni baada, inshaallah si idhini, milioni 3 kijana anazilipa.

Bi wa Mjini: Ujumbe wa saa kumi na mbili asubuhi. Dagaa hununuliwa alfajiri.

Mtu wa Bumbwini: Ngalawa zinashusha kabla ya jua, saa kumi na mbili sufuria lishachemka mara mbili. Ila muulize, asije akawa alikutumia picha ya jana.