Mgahawa mdogo: mauzo ya kurudisha gharama tuyahesabu kwa oda, kwa fedha au kwa wateja?

Jikoni_Kwanza (mwanzilishi wa mada)

Ndugu wanajukwaa, naomba mnisaidie kulinganisha njia tatu za kutafuta kiwango cha mauzo ambacho mgahawa haupati faida wala hasara, kwa sababu nahitaji namba moja ya kubandika ukutani jikoni ili wahudumu wajue kila siku tunalenga nini. Naandika namba tupu bila kutaja sarafu, kila mmoja aweke zake.

Gharama zangu za mwezi zisizobadilika ni kodi ya pango 12,000, mishahara 24,000, umeme na maji 2,500, leseni na bima 1,500, na matengenezo 2,000. Jumla ni 42,000, na tunafungua siku 26 kwa mwezi. Menyu ina makundi matatu. Chakula cha nyama nauza 100 na malighafi yake ni 45, chakula kisicho na nyama nauza 70 na malighafi ni 21, kinywaji nauza 30 na kinanigharimu 9. Kwa hiyo vinaniachia baki ya 55, 49 na 21.

Nilijumlisha baki hizo nikagawa kwa tatu, nikapata 41.67, kisha nikagawa 42,000 kwa hiyo nikapata oda 1,008, yaani kama 39 kwa siku. Mwezi uliopita tuliuza oda 1,020, na bado nililazimika kutoa karibu 7,000 mfukoni mwangu ili malipo yote yakamilike. Wengine wananishauri nihesabu kwa jumla ya fedha inayoingia, wengine kwa idadi ya wateja. Ipi inafaa?

Kaunta_ya_Mbele

Mimi nakushauri uhesabu kwa fedha, lakini kwanza uiondoe mishahara kwenye gharama zisizobadilika, kwani siku ya wateja wengi unaita vibarua na siku tulivu huwaiti. Kwangu mimi hupanga mishahara iwe asilimia 30 ya mauzo. Ukifanya hivyo gharama zako zisizobadilika zinabaki 18,000 tu, na utaona lengo linashuka hadi mahali unapoweza kulifikia.

Hesabu_za_Jioni

Ndugu Jikoni_Kwanza, nimefanya uhasibu wa migahawa kwa muda mrefu, na kosa lako nimelikuta kwenye madaftari mengi. Ulipogawa kwa tatu ulichukulia kwamba makundi yote matatu yanauzwa sawasawa. Tafadhali fungua daftari la mauzo utuambie: katika kila oda 10, ngapi ni za nyama, ngapi zisizo na nyama, na ngapi ni vinywaji?

Jikoni_Kwanza

Nimehesabu risiti za wiki mbili. Kwa wastani ni 3 za nyama, 2 zisizo na nyama na vinywaji 5. Karibu kila mteja huchukua chakula kimoja na kinywaji kimoja.

Hesabu_za_Jioni

Ahsante, hapo sasa tunaweza kulinganisha. Oda hizo 10 zinaingiza 300, 140 na 150, jumla 590, na zinaacha baki ya 165, 98 na 105, jumla 368. Baki halisi ya oda moja ni 36.8, si 41.67, kwa sababu nusu ya unachouza ni vinywaji vyenye baki ndogo.

Kwa oda, 42,000 ukigawa kwa 36.8 unapata oda 1,142, yaani 44 kwa siku. Kwa fedha, 368 ni asilimia 62.4 ya 590, na mauzo unayohitaji ni takriban 67,340 kwa mwezi, au 2,590 kwa siku. Kwa wateja, oda 10 ni wateja watano, kila mmoja anatumia 118 na kukuachia 73.6, na hivyo unahitaji wateja 571 kwa mwezi, yaani 22 kwa siku. Majibu haya matatu ni kitu kimoja kilichopimwa kwa vipimo vitatu, na yanakubaliana kwa sharti kwamba mchanganyiko wa oda usibadilike.

Mchanganyiko ukibadilika ndipo yanapoachana, na jambo hili watu wengi hawalioni. Tuseme wateja wanaanza kukwepa nyama, na katika oda 10 nyama inakuwa 1, zisizo na nyama 4, vinywaji 5 vilevile. Mauzo ya oda hizo ni 530 na baki ni 356. Asilimia ya baki imepanda hadi 67.2, kwa hiyo lengo lako la fedha linashuka hadi 62,530. Mwenye mgahawa anayetazama fedha peke yake atafurahi. Lakini kila mteja sasa anakuachia 71.2 badala ya 73.6, na unahitaji wateja 590 badala ya 571. Lengo la fedha limeshuka huku kazi ya kuujaza mgahawa ikiongezeka. Kwa sababu hiyo mimi hutumia fedha kwa kufunga hesabu za mwezi, na wateja kwa namba ya ukutani, maana mhudumu anaweza kuwahesabu wateja kwa macho yake. Hesabu ya oda siitumii kabisa pale ambapo kinywaji cha 30 na chakula cha 100 vinahesabiwa kila kimoja kuwa oda moja.

Kuhusu hoja ya Kaunta_ya_Mbele, iko kweli ndani yake, ila haiingii hapa. Kwa asilimia 30 hesabu ingetoa mauzo ya takriban 55,600. Mwezi ambao mauzo ni hayo, malighafi ikishatolewa inabaki kama 34,680, lakini wenye mishahara watakuja kudai 24,000 yao kamili, na mgahawa utapata hasara ya zaidi ya 7,300. Asilimia 30 ni shabaha ya kupanga kazi. Mshahara wa mwezi haupungui kwa sababu wateja wamepungua.

Kaunta_ya_Mbele

Naelewa, lakini vibarua wangu ni wa kweli na siku wasipokuja siwalipi. Utawaweka wapi?

Hesabu_za_Jioni

Hao wanapanda kama ngazi. Tuseme wafanyakazi waliopo wanamudu wateja 30 kwa siku, na zaidi ya hapo inabidi kuongeza mhudumu wa 3,600 kwa mwezi. Kwa wateja 30 mgahawa unapata faida ya takriban 15,400. Kwa wateja 31, pamoja na mhudumu mpya, faida inashuka hadi kama 13,700, na ni mpaka ufikishe wateja 32 ndipo unapokuwa umemlipa mhudumu huyo na kupita pale ulipokuwa. Kibarua anayeitwa kwa siku moja tu yenye wateja wengi umweke kwenye gharama za siku hiyo, usimgeuze kuwa asilimia ya kila sahani.

Mama_wa_Oveni

Samahani wapendwa, nami nina swali kama hilo. Nilinunua oveni na majokofu mawili kwa fedha nyingi sana, na nataka kujua ni baada ya sahani ngapi fedha yangu itakuwa imerudi. Je, niigawe bei ya vifaa kwa 73.6?

Hesabu_za_Jioni

Mama, swali lako ni zuri lakini ni la safari nyingine. Hapa tunatafuta mwezi mmoja usio na hasara. Wewe unatafuta muda wa kurudisha mtaji, na mtaji hurudishwa na kile kinachozidi baada ya gharama za mwezi kufidiwa. Wateja 571 wa mwanzo wa kila mwezi hawalipii oveni hata kidogo. Unachoweza kufanya ni kuigawa bei ya oveni kwa miezi unayotarajia itadumu, na sehemu ya kila mwezi ukaiingiza kwenye gharama zisizobadilika.

Jikoni_Kwanza

Nashukuru sana. Nimepitia tena mwezi uliopita kwa namba zako: oda 1,020 mara 36.8 ni 37,536, kwa hiyo hasara ilipaswa kuwa 4,464. Mimi nilitoa karibu 7,000. Mabaki yapo wapi?

Stoo_Safi

Ndugu yangu, nakuomba usiiamini 45 ya nyama mpaka uipime stoo. Hiyo 45 ni ya karatasi: ni bei ya malighafi ikipimwa kwa kijiko na mizani, isipoungua, isipooza, na bila mpishi kuzidisha mkono. Chukua thamani ya vitu vilivyokuwemo mwanzo wa mwezi, ongeza ulichonunua, toa vilivyobaki mwisho wa mwezi, kisha ulinganishe na mauzo. Nilipofanya hivyo jikoni kwangu kwa mara ya kwanza, nilisimama kando ya sufuria nikakuta upawa mmoja unachota karibu upawa na robo, kwa sababu mpishi alikuwa anaujaza hadi kichuguu kwa moyo wa ukarimu. Hakuna aliyeiba kitu.

Jikoni_Kwanza

Nimefanya. Mwanzo wa mwezi stoo ilikuwa na vitu vya 5,200, nilinunua vya 24,900, na mwishoni vilibaki vya 4,800. Vilivyotumika ni 25,300, na mauzo yalikuwa 60,180. Hiyo ni asilimia 42, ilhali kwa karatasi ilipaswa kuwa 37.6.

Hesabu_za_Jioni

Basi pengo limeonekana: malighafi ya takriban 2,650 imetoka bila kuuzwa, na hasara halisi ni 7,120. Kwa jiko hilo kama lilivyo leo, baki ni asilimia 58, mauzo ya kufidia gharama ni takriban 72,400, na wateja ni 614, yaani 24 kwa siku. Bandika 24 ukutani, si 22. Ukishapima upawa na kuhesabu stoo tena mwezi ujao, utaona kama unaweza kuirudisha chini. Jambo moja tena: ikiwa bei zako zina kodi ya mauzo ndani yake, iondoe kabla ya hesabu hizi zote, kwa sababu fedha hiyo inapita tu mikononi mwako.

Stoo_Safi

Mbona hajaweka mshahara wake mwenyewe? Anafungua alfajiri na kufunga usiku. Akijiwekea 6,000, gharama zisizobadilika zinakuwa 48,000, na kwa asilimia 58 anahitaji wateja 27 kwa siku. Hiyo ndiyo namba ya haki.

Kaunta_ya_Mbele

Hapo nakataa. Mwenye mali hulipwa na faida. Akiongeza mshahara ambao hakuuchukua, namba ya ukutani itawatisha wahudumu kwa hasara isiyokuwepo.

Stoo_Safi

Akiugua mwezi mmoja atamlipa mtu wa kusimama mahali pake. Hasara hiyo itakuwepo siku hiyohiyo.

Jikoni_Kwanza

Nimeandika zote mbili, 24 kwa kalamu nyeusi na 27 kwa nyekundu. Jana tulipata 23.