Wakuu, picha niliyopesti inakuwa ukungu nikiikuza, bango linachapwa kesho

KijanaWaMajengo: Habari zenu wakuu. Nipo Moshi, natengeneza bango la sendofu kwenye Photoshop, mita 3 kwa 1. Picha ya bibi harusi ni safi, lakini nikiipesti na kuikuza inakuwa ukungu. Nimeigeuza Smart Object kama wanavyoshauri, wapi! Tatizo ni kompyuta?

MangiKiborloni: Ingia Image Size, weka 300. Kwisha habari.

FundiFleksi: Mangi, hiyo inasaidia kama pikseli zipo. Kijana, kabla ya kuikuza uliipunguza?

KijanaWaMajengo: Kidogo tu.

FundiFleksi: Kidogo kiasi gani?

KijanaWaMajengo: Ilikuwa na upana wa pikseli 2400, nikaishusha hadi 600 nione mpangilio, nikabonyeza Enter. Ndipo nikaigeuza Smart Object. Sasa mkuu, mpangilio nitaujaribuje bila kupunguza?

FundiFleksi: Hapo ndipo ilipofia. Ulipobonyeza Enter, Photoshop ilitupa pikseli zilizozidi. Ulipoirudisha 2400, kila pikseli moja ilibidi ijaze nafasi ya 16, kwa hiyo programu inakisia rangi za katikati. Smart Object inahifadhi ilichokikuta, na yako ilikuta 600. Futa leya hiyo, pesti upya, na kabla hujaigusa bofya kulia jina la leya uchague Convert to Smart Object. Ipunguze utakavyo, kisha bonyeza Ctrl+T uangalie W kule juu. Ikisoma 25%, asili ipo salama. Leya ya kawaida ingesoma 100% tena, kana kwamba hukuipunguza.

MamaNjoro: Mwanangu alitumiwa picha ya kipaimara kwa WhatsApp, ikatoka kama imepigwa ndani ya moshi wa kuni. Watu watume kama Document jamani. Na vijana acheni kazi za usiku wa mwisho.

KijanaWaMajengo: Shikamoo mama. Ila Smart Object inakataa ifutio, nami nafuta mandhari ya nyuma. Ndiyo maana nilitaka kuiacha hivihivi, nimeshamwambia mchapaji apitishe.

FundiFleksi: Tumia maski, inaficha bila kufuta.

Chagga_Mpole: Bango la sendofu linachapwa kesho, kesho Jumanne, sendofu lini? Hii stori ya kutunga. Wiki jana kulikuwa na uzi kama huu wa mahafali Arusha.

KijanaWaMajengo: Ni Jumamosi, nachapa mapema! Nilete risiti?

MangiKiborloni: Lete na kadi ya mwaliko 😂

FundiFleksi: Hata akitunga, kosa ni la kweli. Kijana, ukitaka picha iwe na upana wa mita nzima, kwa pikseli 100 kwa inchi unahitaji karibu 3,940. Wewe unazo 2400. W ikipita 100% hata Smart Object itakisia.

MangiKiborloni: Ukumbini watu wanakaa mbali, nani ataona?

FundiFleksi: Wa meza ya mbele wataona.

KijanaWaMajengo: Mpiga picha anasema anayo faili kubwa zaidi, ila anataka hela kwanza.