Tupeane uzoefu: mliutangazaje uzinduzi wa kitabu chenu, kabla na baada ya siku yenyewe?

Nafula_wa_Ntinda
Wapendwa, nina tarehe. Kitabu changu cha hadithi fupi kinazinduliwa hapa Kampala Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, na kabla sijaanza kusumbua watu nataka kuwasikia waliokwisha kupita njia hii.

Nianze na aibu yangu. Mwaka juzi nilizindua diwani. Nikatengenezesha bango zuri, nikalimwaga kwenye magrupu 14 ya WhatsApp siku tisa kabla. Vidole gumba vikamiminika, "hongera dada" zikajaa simu, nikaagiza viti 120. Walikuja 23. Saba kati yao ni ndugu zangu wa Busia ambao wangekuja hata kama ningekuwa nazindua jiko la mkaa, maana walikuwa wanalala kwangu. Nakala ziliuzwa 11 na maandazi tuliyala siku tatu. Nilikosea wapi? Semeni yaliyowapata nyinyi wenyewe.

Boda_wa_Lugogo
Redio, dada. Mjomba wangu alizungumza nusu saa kwenye kipindi cha asubuhi, simu zikaita mpaka mtangazaji akaomba wapumzike. Ya WhatsApp watu huyapitisha kidole tu.

Mama_Kitabu
Boda, simu ziliita sawa. Ukumbini walifika wangapi?

Boda_wa_Lugogo
Hilo sikumwuliza, mama. Nitamwuliza.

Mzee_Opio_Tororo
Mbona hamjamtaja mgeni rasmi? Huku kwetu uzinduzi ni mgeni rasmi. Mimi nilizindua historia ya ukoo wetu. Nakala ya kwanza tuliipiga mnada, mheshimiwa akaichukua kwa shilingi 500,000, watu wakapiga vigelegele, na wengine nao wakaanza kuahidi. Jumla ya ahadi ilikuwa 2,400,000. Mpaka leo nimepokea 850,000, na yule wa nakala ya kwanza hayumo. Isitoshe alifika saa kumi na nusu ilhali kadi ilisema saa nane. Waliotoka mbali walikuwa wamekwisha kuondoka na pesa zao mfukoni.

Mama_Kitabu
Pole, mzee wangu. Hiyo ni harambee iliyovaa kanzu ya uzinduzi. Ina faida zake, ila usiihesabu kama mauzo.

Nafula, mimi nauza vitabu mwaka wa 17 sasa na nimeandaa uzinduzi mwingi, wa kulia na wa kucheka. Wewe ulimwita kila mtu mara moja, na hukumpa yeyote kitu cha kufanya. Kidole gumba hakimgharimu mtu chochote. Nikueleze ya kijana mmoja niliyemsaidia kutangaza riwaya yake, maana tarakimu zake ninazo daftarini.

Wiki sita kabla hatukuwa na bango hata moja. Tulichukua nakala 20, tukawapa watu 20. Hatukutafuta mashuhuri, tulitafuta wenye watu nyuma yao: mwalimu mwenye klabu ya kusoma, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama cha kuweka akiba, katekista, dada mwenye saluni inayojaa Jumamosi. Kila mmoja tulimwambia, soma, na ukikipenda njoo na wanne. Waliosoma kweli ni 12. Wale wengine wanane nawasamehe, kitabu cha bure huwekwa juu ya kabati.

Wiki tatu kabla ndipo bango likatoka, na lilikuwa na ombi moja tu. Kitabu ukumbini ni 30,000. Ukilipa sasa kwa Mobile Money ni 25,000, jina lako linaingia kwenye orodha na nakala inakungoja mlangoni. Wakalipa 41. Wengine 97 waliandika "nitakuja" bila kulipa.

Siku yenyewe, kati ya wale 41 walifika 36, na watano waliobaki tuliwapelekea nakala zao kwa boda jioni ileile. Kati ya wale 97 walifika 29. Ongeza 11 waliokokotwa na wale wasomaji wetu, jumla 76. Ukumbi ulikuwa wa viti 80, ukaonekana umejaa pomoni. Tangu hapo wa "nitakuja" nawahesabu theluthi moja, na mvua ikiwa angani nawapunguza tena. Oktoba ni mwezi wa mvua, Nafula, usisahau.

Nafula_wa_Ntinda
Mama, hapo kwenye theluthi nimecheka kwa uchungu. Na wiki ya mwisho mlikuwa mkiandika nini? Mimi nilirudia bango lilelile kila siku mpaka mtu akanitoa kwenye grupu.

Mama_Kitabu
Alifanya vyema kukutoa. Wiki ya mwisho hatukugusa grupu lolote. Alhamisi kila aliye kwenye orodha alipata ujumbe wake, kwa jina lake, wenye njia ya kufika. Na njia ya kufika si jina la barabara, watu wetu hawaendi kwa majina ya barabara. Unaandika "ukishapita Makumbusho kama unatoka Kamwokya, geti la bluu mkono wa kushoto, mwambie boda akushushe kwenye kibanda cha rolex". Jumamosi asubuhi ujumbe mfupi tu: leo saa nane, kiti chako kipo.

Fundi_Simu_Kisenyi
Nina la kuongeza. Wengi wenu hutumia ile orodha ya matangazo ya WhatsApp, unatuma mara moja ujumbe unawaendea watu 200 kama umewaandikia mmoja mmoja. Inafika tu kwa mtu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Wewe kuwa na namba yake hakutoshi. Status nayo ni vivyo hivyo, asiyekuhifadhi haioni, na baada ya saa 24 imeondoka. Ukitaka kuhakikisha, shikilia ule ujumbe uliotuma, fungua taarifa zake, utaona majina ya waliofikiwa na ya waliosoma. Wateja wangu wakiona ile orodha hunyamaza kwanza.

Nafula_wa_Ntinda
Banange. Nimeifungua sasa hivi kwa salamu niliyotuma Idi. Niliwatumia 180, imewafikia 61. Kumbe nusu ya nchi haikunihifadhi.

Fundi_Simu_Kisenyi
Ndiyo maana unaanza wiki sita kabla. Mtumie mtu ujumbe wa kawaida, mwombe akuhifadhi ili umpelekee hadithi moja ya kusoma. Hadithi, si bango. Na bango lenyewe usiweke maandishi madogo chini. Likishabanwa na WhatsApp na kupita simu tatu, namba ya malipo inakuwa ukungu. Iandike namba kwenye maneno yanayoambatana na picha, mtu aweze kuinakili.

Kato_M
Samahani, hii ISBN mnalipia wapi? Nataka kuzindua Desemba.

Mama_Kitabu
Mwanangu, hilo ni la kabla ya kuchapa, si la kutangaza. Nenda Maktaba ya Taifa, wao ndio wanaozitoa.

Bahati_Nsambya
Mimi ni Mkongomani, naandika kwa Kiswahili chetu, na wasomaji wangu wengi ni wakimbizi wenzangu. Bango kwangu halikufanya kitu. Nilichofanya, niliomba dakika tatu baada ya ibada, Jumapili tatu mfululizo. Sikutangaza kitu. Nilisoma ukurasa mmoja, nikakatia pale mama anafika mpakani na mtoto hayuko mgongoni, nikakaa. Jumapili ya pili watu wakaniuliza mlangoni, mtoto alipatikana? Jumapili ya tatu nikataja siku.

Walikuja kama 60. Lakini sikiliza, walionunua ni wanane. 30,000 kwa mtu anayepanga chumba ni chakula cha siku ngapi? Nikaruhusu walipe mara mbili. Karibu wote wamemaliza, wawili wamehama. Sasa sijui niseme nilifaulu ama nilishindwa. Ile njia ya mama ya kulipa mbele, kwetu ingefunga mlango.

Mama_Kitabu
Umesema kweli, Bahati, na sina jibu kamili. Ningejaribu 5,000 za kushikilia nakala, lakini sijawahi kuifanya kwa watu wa kipato hicho.

Kalamu_ya_Zamani
Niliwahi kuwa ripota. Kuhusu redio na magazeti: kitabu kipya peke yake si habari. Usimwandikie mhariri "ninazindua kitabu". Mwandikie kilichomo, kwa mfano wachuuzi wanaofukuzwa barabarani, kama ndicho ulichokiandika, na umpe nakala siku 10 kabla ili mtu asome walau sura mbili. Ukiingia studio, taja siku, saa na mahali mwanzoni, katikati na mwisho, kwa sababu aliyefungua redio dakika ya 15 hakusikia ya dakika ya pili.

Na jiandae kwa "nauli". Ripota akija ukumbini atataka chochote cha usafiri.

Mzee_Opio_Tororo
Hiyo nauli ni hongo tu, tuiite jina lake.

Kalamu_ya_Zamani
Mzee, wengi hulipwa kwa kila habari inayotoka, na ofisi haiwapi hata ya boda. Mimi niliipokea na sikuandika uongo.

Mzee_Opio_Tororo
Na asiyetoa, habari yake ilitoka?

Kalamu_ya_Zamani
Mara nyingine.

Kiiza_Hoima
Mimi langu ni fupi na linauma. Niliweka tarehe mchapaji akiwa ameniahidi wiki tatu. Nakala ziliingia ukumbini saa sita mchana, uzinduzi saa nane, gundi bado inanukia. Mgeni wa kwanza alifungua kitabu, mgongo ukalia *kwaa*, ukurasa wa 33 hadi 48 ukamwangukia mapajani. Akauokota, akautazama, akanirudishia kwa upole. Niliuza nne. Matangazo yalikuwa mazuri, watu walijaa.

Nafula_wa_Ntinda
Woi, Kiiza! Mama, na baada ya siku yenyewe? Mimi nililala wiki nzima.

Mama_Kitabu
Hapo ndipo wengi wanapoacha pesa mezani. Yule kijana ukumbini aliuza 34, mbali na zile 41 zilizolipiwa. Wiki mbili zilizofuata akauza 58. Hakufanya miujiza. Nakala zilikuwa zimefika duka la vitabu Ijumaa, siku moja kabla, kwa makubaliano kwamba duka linabaki na asilimia 35 na kulipa kila mwezi. Jumapili picha zikatoka, kila picha ina bei na mahali pa kununua, na kila aliyeonekana pichani alitumiwa yake. Mtu huisambaza picha yake mwenyewe kuliko bango lako. Kisha kila baada ya siku mbili tatu tukatoa sentensi moja ya msomaji, na jina lake kwa ruhusa yake. Baada ya siku 16 hivi mauzo yakalala, tukaacha kusukuma.

Sasa nikuulize mimi. Nakala zako ziko wapi?

Nafula_wa_Ntinda
Kwa mchapaji, Barabara ya Nasser. Ameniahidi wiki mbili.

Mama_Kitabu
Nyabo, soma tena ya Kiiza.

Nafula_wa_Ntinda
Nimesoma. Nampigia ukumbi sasa hivi niulize kama Novemba kuna Jumamosi iliyo wazi.

Boda_wa_Lugogo
Nimempigia mjomba. Walifika 14. Anasema alisahau kutaja ukumbi.